UZI: Ejensi imepitisha siku 19 bila kunilipa milioni 2.4. Naomba mnisaidie kunyoosha imeili hii kabla sijaituma kesho

MpishiWaKirumba | Jumatatu 21 Aprili 2025, saa 3:40 usiku

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Natengeneza video za mapishi, niko Mwanza. Mwezi wa pili ejensi moja ya Dar (jina naliacha) ilinipa kazi ya kutangaza mafuta ya kupikia ya mteja wao. Video tatu, laki nane kila moja. Nimezirusha zote, ya mwisho tarehe 28 Februari. Tarehe 3 Machi nikawatumia ankara ya Sh 2,400,000. Mkataba unasema nitalipwa ndani ya siku 30 tangu wapokee ankara, kwa hiyo mwisho ulikuwa 2 Aprili.

Leo ni Jumatatu ya Pasaka na akaunti iko kavu. Dada wa ejensi ninayewasiliana naye WhatsApp ananijibu "ipo kwenye mchakato mpendwa" tangu mwezi wa tatu. Cha kuniudhi zaidi, wiki iliyopita huyohuyo ameniomba kodi nyingine ya siku 30 ili waendelee kuzisukuma video zangu kama tangazo. Yaani wanataka kuongezewa na ya kwanza hawajalipa.

Nimeandika hivi, naomba mnirekebishe:

> Habari. Natumaini hujambo na familia haijambo. Samahani sana kwa usumbufu, najua mna majukumu mengi, nilikuwa naulizia tu kuhusu yale malipo yangu kama kuna lolote. Kwa kweli hali ni ngumu, nina marejesho ya kamera. Kama benki inasumbua mnaweza kunitumia kwenye namba yangu hii ya simu. Ila mkishindwa wiki hii nitafuta video zote na nitawaanika mtandaoni. Asante, Mungu awabariki.

---

KijanaWaBuza | saa 3:52 usiku

Dada umeingia na samahani ukatoka na panga 😂

Ushauri wangu: kodi usiwape hata kwa dawa. Futa video zote leo usiku, halafu kwenye ankara ongeza riba, asilimia 2 kila wiki. Watalipa wenyewe bila kuombwa.

---

BintiPangani | saa 4:05 usiku

Pole mpendwa. Mimi naona hiyo ya kodi uongee na mwenye nyumba vizuri, umwonyeshe mkataba wa ejensi aone kweli pesa inakuja. Wa kwangu nilimwandikia barua akanisogezea mwezi mzima.

---

MpishiWaKirumba | saa 4:11 usiku

@BintiPangani hapana shoga, si kodi ya nyumba 😅 wala si ya TRA. Ni ule msimbo unaoutoa kwenye TikTok ili kampuni iweze kuirusha video yako kama tangazo. Unachagua siku ngapi, ukimpa mtu namba hizo anaingiza upande wake. Huku kazini wote tunaita kodi.

---

BintiPangani | saa 4:13 usiku

Haya Kiswahili kimetushinda. Ila ya mwenye nyumba ipo palepale.

---

Mama_Vocha | saa 4:48 usiku

Mdogo wangu, marahaba. Nimekaa miaka tisa kwenye meza ya malipo ya ejensi, sasa nina biashara yangu. Nikueleze jinsi ankara yako inavyotembea, maana imeili yako umemwandikia mtu asiye na pesa.

Huyo dada wa WhatsApp ni wa kampeni. Akipata ankara anatakiwa aiambatanishe na LPO, ile hati yao ya kukuagiza kazi, pamoja na viungo vya video zilizorushwa, aipeleke uhasibu. Mhasibu anaweka karatasi hizo tatu pamoja: LPO, ushahidi wa kazi, ankara. Zikisomana anaandika vocha, jina linaingia kwenye orodha ya malipo ya wiki, wenye saini wanasaini. Zisiposomana, hakuna anayekuandikia kwamba ankara imekataliwa. Inawekwa pembeni, basi. Dada wa kampeni akikwambia "ipo kwenye mchakato" si lazima awe anadanganya. Yeye mfumo wa uhasibu hauoni. Anarudia alichoambiwa mara ya mwisho alipouliza.

Kwa hiyo imeili yako iandike kama inayosomwa na mtu ambaye hajawahi kukusikia na ana ankara 60 mezani. Aifungue, aone namba ya ankara, kiasi, tarehe ilipopaswa kulipwa, na vielelezo vyote vikiwa palepale, bila kumuuliza mtu. Dada wa kampeni muwekee kwenye "kwa", uhasibu uwaweke kwenye nakala. Anwani ya uhasibu mara nyingi ipo kwenye LPO yenyewe, chini.

Kabla sijagusa maneno, nijibu maswali mawili. LPO yao unayo? Inataja kiasi gani?

Na ile namba ya simu itoe. Barua ya kukumbushia deni inayokuja na njia mpya ya kulipa, mhasibu yeyote makini anaisimamisha. Wezi wanaiba hivyohivyo: wanaingia kwenye imeili ya mtu, wanaandika "nimebadilisha akaunti". Ungejichelewesha mwenyewe wiki mbili.

---

MpishiWaKirumba | saa 5:20 usiku

Asante dada mkubwa. Nimeitafuta. LPO ipo, walinitumia tarehe 5 Februari na sikuwahi kuifungua vizuri, nilidhani ni nakala ya mkataba.

Imeandikwa video 2, jumla 1,600,000.

Ya tatu (ya maandazi) waliiongeza katikati. Dada alinitumia ujumbe wa sauti tarehe 20 Februari: "mteja amezipenda, tuongezee moja kwa bei ileile". Nikamtumia rasimu akaandika "iko poa, rusha". Nikarusha. Ankara nikaweka tatu.

---

Mama_Vocha | saa 5:31 usiku

Hapo ndipo ilipolala. LPO milioni moja na laki sita, ankara milioni mbili na laki nne. Mfumo haupitishi ankara inayozidi LPO hata kwa shilingi mia, na mhasibu hana mamlaka ya kukulipa sehemu kwa hiari yake mpaka mtu amwambie.

Sijasema ndiyo sababu pekee. Ila nikiwa mimi mezani, yako ingekuwa kwenye faili la pembeni tangu siku ya kwanza.

---

KijanaWaBuza | saa 5:36 usiku

Sasa si anyamaze na hiyo LPO? Akiitaja mwenyewe kawapa kisingizio.

---

Mama_Vocha | saa 5:44 usiku

Mwanangu, kisingizio wanacho tayari na kipo kwenye mfumo wao. Akikitaja yeye, analeta pamoja na dawa yake: "irekebisheni LPO, na za video mbili zisisubiri." Akinyamaza atajibiwa wiki ijayo kwamba ankara ina kasoro, na siku 30 zinaanza kuhesabiwa upya.

Hilo la riba: Mpishi, mkataba wako unataja riba ya kuchelewa? Kama hautaji, usiiandike. Ankara ikibadilika kiasi baada ya kutumwa, ndiyo inazidi kutosomana na LPO, na wewe ndiye unayeonekana huna utaratibu. Mkataba ujao iweke mapema.

Kufuta video ni kosa kubwa zaidi. Mikataba mingi inataka video ikae miezi kadhaa. Ukifuta, wewe ndiye umevunja, na wao wanapata sababu halali ya kutokulipa. Ila kwenye kodi, Kijana, uko sahihi kabisa. Ile ni ruhusa mpya, si deni lako kwao. Hiyo ndiyo karata ya Mpishi, na aitumie kwa ustaarabu.

---

KijanaWaBuza | saa 5:47 usiku

Nimepata moja kati ya tatu. Usiku mwema.

---

MpishiWaKirumba | saa 5:50 usiku

Nimeangalia mkataba: video zikae miezi 6. Riba haimo. Nilikuwa naelekea shimoni jamani.

---

Mtaa_wa_Nairobi | Jumanne 22 Aprili, saa 12:15 asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi ni wa kwa jirani, napiga picha za bidhaa. Kwetu Kenya shida kubwa ni ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA. Tangu Januari 2024 kampuni isiyokuwa na ankara ya eTIMS haiwezi kuyahesabu malipo hayo kama gharama kwenye kodi yake, kwa hivyo wahasibu hawakuangalii ukileta karatasi ya kawaida. Mimi nilikaa miezi miwili nikidhani nimenyimwa pesa, kumbe ankara yangu ilikuwa ya Word tu. Dada, hakikisha ankara yako imepita kwenye mfumo wa serikali.

Na wakikataa kabisa kuna Mahakama ya Madai Madogo, inachukua kesi hadi shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inataka imalizike ndani ya siku 60.

---

Mama_Vocha | saa 1:02 asubuhi

@Mtaa_wa_Nairobi asante mjukuu wa jirani, ila huyu yuko Mwanza. eTIMS ni ya KRA, na hiyo mahakama ni yenu. Kwetu deni la kiasi hiki mlango wake ni Mahakama ya Mwanzo. Ulichosema kwa ujumla ni kweli: uliza uhasibu wanataka karatasi gani, kabla ya kudhani wamekudhulumu.

Mpishi, soma hii. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa mkataba wenu ni wa Kiswahili. Tarehe za kurusha nimekisia, zirekebishe mwenyewe.

> Mada: Ankara Na. 014, Sh 2,400,000, iliyopaswa kulipwa 2 Aprili 2025
>
> Habari za kazi,
>
> Nafuatilia ankara Na. 014 ya tarehe 3 Machi 2025, ya Sh 2,400,000, kwa video tatu za mapishi nilizorusha tarehe 10, 19 na 28 Februari. Kwa mkataba wetu, malipo yalipaswa kufanyika ifikapo Jumatano 2 Aprili 2025. Leo, Jumanne 22 Aprili, ni siku 20 zimepita na malipo hayajaingia.
>
> Baada ya kukata kodi ya zuio ya 5% (Sh 120,000), ninatarajia kupokea Sh 2,280,000 pamoja na cheti cha zuio. Akaunti ni ileile iliyoandikwa kwenye ankara, haijabadilika.
>
> Nimeona LPO yenu inataja video mbili (Sh 1,600,000). Video ya tatu iliombwa na timu ya kampeni tarehe 20 Februari na ikaidhinishwa kabla ya kurushwa, mazungumzo nimeyaambatanisha. Kama hilo ndilo lililokwamisha, naomba LPO irekebishwe, na malipo ya video mbili yasisubiri marekebisho hayo.
>
> Naomba kujulishwa ifikapo Ijumaa 25 Aprili ankara iko hatua gani na italipwa tarehe ipi. Malipo yasipoingia hadi Jumatano 30 Aprili, nitawasilisha suala hili kwa maandishi kwa mkuu wa fedha wa kampuni, na baada ya hapo nitatuma barua rasmi ya madai.
>
> Ruhusa mpya ya siku 30 mliyoiomba kwa ajili ya matangazo nitaitoa siku malipo yatakapoingia.
>
> Nimeambatanisha: ankara, mkataba uliosainiwa, LPO, viungo vya video tatu, na mazungumzo ya 20 Februari.
>
> Asanteni kwa ushirikiano.

Angalia mambo mawili. Tarehe ni mbili: ya kujibu na ya kulipa. Kujibu ni rahisi, kwa hiyo ipewe siku chache, na ukishapata jibu unajua wapi pamekwama. Nimeweka 30 Aprili makusudi, kesho yake ni Mei Mosi na ofisi zimefungwa. Pili, hatua zinazofuata ziwe zile utakazozifanya kweli. Ukiandika mwanasheria na huna mwanasheria, tarehe ikipita watajua, na imeili ya pili haitakuwa na uzito.

---

BintiPangani | saa 1:30 asubuhi

Mbona amejikata mwenyewe laki na ishirini? Si awaache wakate wao?

---

Mama_Vocha | saa 1:41 asubuhi

Hajajikata. Ankara inabaki milioni mbili na laki nne. Tangu Julai 2024 sheria yetu inamtaka anayemlipa mtengeneza maudhui wa mtandaoni azuie asilimia 5 na kuipeleka TRA. Akiandika kiasi kitakachoingia, pesa ikifika anajua mara moja kama wamekata sawa au wamekosea. Nimeona watu wanagombana na ejensi kwa "kulipwa pungufu" kumbe ni zuio, na nimeona ejensi zikikata bila kuipeleka popote. Ndiyo maana ya kuomba cheti. Hiyo 120,000 inahesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka. Bila cheti atailipa mara mbili.

---

FundiWaSauti_Dom | saa 2:20 asubuhi

Mama Vocha, na risiti ya EFD? Mimi ejensi ilinigomea: toa risiti ndiyo tukulipe. Nikawaambia risiti ni ya pesa iliyopokelewa, nitatoaje kabla? Tukavutana mwezi.

---

Mama_Vocha | saa 2:33 asubuhi

Hilo ofisini kwetu tulibishana mpaka naondoka. Bosi alitaka kwanza, mimi nilikuwa naandika vocha halafu nadai risiti siku hiyohiyo. Kila ofisi ina kawaida yake. Muulize mhasibu kwa simu kabla ya kutuma ankara.

---

FundiWaSauti_Dom | saa 2:35 asubuhi

Kwa hiyo tuliumia bure sote.

---

MpishiWaKirumba | saa 3:05 asubuhi

Nimetuma, vilevile isipokuwa tarehe, ya pili ni 18 Februari. Mikono inatetemeka kidogo.

---

MpishiWaKirumba | Jumatano 23 Aprili, saa 5:15 asubuhi

Wakuu, mhasibu amejibu. Si dada wa kampeni, ni mhasibu mwenyewe, mama mmoja mstaarabu sana. Anasema ankara 014 ilimfikia tarehe 24 Machi, wiki tatu baada ya mimi kuituma, ikiwa peke yake bila viungo vya video, na mfumo ukaikataa kwa kuzidi LPO. Alimrudishia dada wa kampeni siku ileile. Dada hakuniambia.

Za video mbili zinaingia kwenye orodha ya Jumanne ijayo. Ya tatu anataka LPO mpya kutoka kwa timu ya kampeni, na ankara mpya kutoka kwangu.

---

KijanaWaBuza | saa 5:22 asubuhi

Mwezi mzima dada wa kampeni ameikalia. Na bado anaomba kodi!

---

Mama_Vocha | saa 5:40 asubuhi

Ankara mpya itoe, lakini andika ndani yake: "Inatokana na ankara Na. 014 ya 3 Machi 2025, iliyopaswa kulipwa 2 Aprili 2025." Na ile ya zamani usikubali kuifuta mpaka LPO mpya uione kwa macho. Ukifuta kwanza, una deni la laki nane lisilo na karatasi hata moja.

---

MpishiWaKirumba | Jumanne 29 Aprili, saa 10:12 jioni

Imeingia 1,520,000. Nimepiga hesabu: 1,600,000 ukitoa 5% ni hiyohiyo. Cheti cha zuio wamesema nitapata mwezi ujao.

LPO mpya ya laki nane imekuja leo mchana, nimewatumia ankara 015 yenye ile sentensi ya Mama Vocha. Sasa mhasibu anasema siku 30 zinaanza kuhesabiwa leo, kwa sababu LPO ni ya leo.

---

FundiWaSauti_Dom | saa 10:30 jioni

Hapana. Kazi ilifanyika Februari, kasoro ya LPO ni yao. Tarehe ni ileile 2 Aprili.

---

Mama_Vocha | saa 11:05 jioni

Kwa haki uko sahihi. Kwa mkataba sina uhakika, maana umesema "tangu wapokee ankara", na wao watasema ankara sahihi wameipata leo. Binafsi ningeomba iingie orodha ya wiki ijayo kama hisani, bila kukubali kwa maandishi kwamba siku zimeanza upya.

---

KijanaWaBuza | saa 11:09 jioni

Na kodi je? Aliahidi ataitoa malipo yakiingia. Yameingia nusu.

---

MpishiWaKirumba | saa 11:26 jioni

Kodi inatolewa kwa kila video peke yake. Nimewapa za video mbili walizolipia, dakika tano zilizopita. Dada wa kampeni amenipigia hapohapo: mteja hazitaki sana hizo, anayoitaka ni ya maandazi.

Nimemwambia ya maandazi ni ankara 015.